Kutafsiri matokeo ya takwimu katika makala ya utafiti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huwarudia watu wanaotafsiri makala za utafiti kwa Kiswahili, au wanaoandika muhtasari wa Kiswahili wa utafiti ulioandikwa kwa lugha nyingine. Majibu yote yanatumia mfano mmoja tulioubuni kwa ajili ya kufundishia. Watu 2000 wamegawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili ya watu 1000. Kundi moja linameza dawa, jingine linameza vidonge visivyo na dawa, na wote wanafuatiliwa kwa miezi 12. Mistari miwili ya matokeo inasomeka hivi:

```
Kulazwa: 80/1000 vs 110/1000; RR 0.73 (95% CI 0.55–0.96); p = 0.023
Kufariki: 12/1000 vs 15/1000; RR 0.80 (95% CI 0.38–1.70); p = 0.56
```

## Misingi

Mstari kama huo una nini ndani yake, na nianze kutafsiri wapi?

Mstari wa kwanza una mambo matatu. La kwanza ni kadirio: hatari ya kulazwa katika kundi la dawa ikigawanywa kwa hatari ya kulazwa katika kundi la kulinganishia, yaani asilimia 8 kwa asilimia 11, ni 0.73. La pili ni masafa ya uhakika, kutoka 0.55 hadi 0.96, yanayoonyesha kadirio hilo lina mashaka kiasi gani. La tatu ni thamani ya p.

Anza na hesabu ya watu, kisha kadirio, kisha masafa, na p iwe ya mwisho. Wengi hufanya kinyume. Huona p iko chini ya 0.05, huandika “dawa imethibitika kufanya kazi”, halafu hutafuta pa kuchomeka namba zilizobaki. Sentensi ikishajengwa juu ya p, kadirio na masafa hugeuka mapambo, na msomaji hawezi tena kujua kama tofauti inayozungumziwa ni kubwa au ndogo.

Tafsiri tunayoipendekeza ya mstari wa kwanza ni hii:

“Katika miezi 12 ya ufuatiliaji, watu 80 kati ya 1000 waliopewa dawa walilazwa hospitalini, ikilinganishwa na watu 110 kati ya 1000 waliopewa vidonge visivyo na dawa. Uwiano wa hatari ulikuwa 0.73 (masafa ya uhakika ya asilimia 95: 0.55 hadi 0.96; p = 0.023).”

Angalia kwamba hakuna mahali palipoandikwa “kulazwa kulipungua kutoka asilimia 11 hadi asilimia 8”. Sentensi hiyo huandikwa mara nyingi mno, na ni kosa. Inamfanya msomaji aamini kuwa watu walewale walipimwa kabla na baada ya dawa. Hapa hakuna kabla na baada. Kuna makundi mawili yaliyofuatiliwa kwa wakati mmoja.

Kwa nini mnasema “masafa ya uhakika” na si “kipindi cha kujiamini”?

“Kipindi” humpeleka msomaji kwenye wakati. Katika makala yenye maneno kama “kipindi cha ufuatiliaji cha miezi 12”, mtu akikutana na “kipindi cha kujiamini cha 0.55 hadi 0.96” ataanza kutafuta ni miezi au miaka. “Muda wa kujiamini” una kasoro hiyohiyo. Nako “kujiamini” ni tabia ya mtu, ilhali hapa tunazungumzia namba.

“Masafa ya uhakika” hayana wakati ndani yake, lakini nayo hayajakamilika: neno “uhakika” linaweza kuahidi kuliko takwimu zenyewe. Kwa hiyo yafafanue mara moja, pale yanapotajwa kwa mara ya kwanza, kwa maneno kama haya: “masafa ya uhakika, yaani viwango, kuanzia cha chini hadi cha juu, ambavyo data za utafiti huu zinaafikiana navyo vizuri”. Kama jarida au taasisi unayoifanyia kazi ina istilahi yake, ifuate, ila weka ufafanuzi huo. Muhimu zaidi, usitumie istilahi mbili kwa kitu kimoja ndani ya makala moja. Katika matini ya takwimu, msomaji akiona jina jipya huamini ameletewa kitu kipya.

Thamani ya p ni nini, kwa maneno ninayoweza kuyaandika?

Andika hivi: “Kama dawa na vidonge visivyo na dawa havikutofautiana kabisa, uwezekano wa kupata tofauti kubwa kama hii au zaidi kwa bahati tu ungekuwa asilimia 2.3.” Uzito wote wa sentensi uko kwenye “kama”. Namba inahesabiwa ndani ya ulimwengu wa kudhania ambamo nadharia tete sifuri, yaani dhana kwamba hakuna tofauti yoyote, ni kweli na taratibu nyingine za utafiti zimefuatwa sawasawa. Ukiiondoa “kama”, umeandika jambo jingine.

Sentensi mbili zinazotokea mara kwa mara ni makosa ya moja kwa moja: “kuna uwezekano wa asilimia 2.3 kwamba matokeo haya ni ya bahati” na “kuna uwezekano wa asilimia 97.7 kwamba dawa inafanya kazi”. Zote zinageuza mwelekeo wa hesabu. Zinatoa uwezekano wa nadharia kutokana na data, wakati p inatoa uwezekano wa data kutokana na nadharia. Mwaka 2016 Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko kuhusu thamani za p, na miongoni mwa misingi yake sita upo huu: p haipimi uwezekano wa nadharia kuwa kweli. Msingi mwingine unasema p haipimi ukubwa wa athari. Mtafsiri akiyashika hayo mawili, atakwepa makosa mengi.

Je, nitafsiri pia alama kama `p`, `RR` na `CI`?

Alama ya p iache ilivyo, herufi ndogo. `RR` na `CI` zifungue kwa Kiswahili mara ya kwanza: “uwiano wa hatari (RR)”, “masafa ya uhakika ya asilimia 95 (95% CI)”. Baada ya hapo unaweza kuendelea na vifupisho. Usibuni vifupisho vya Kiswahili kama MU au UH. Majedwali na michoro huwa inabaki na vifupisho vya awali, na msomaji atalazimika kuoanisha seti mbili.

## Masafa ya uhakika

Nawezaje kuyaeleza masafa bila kuandika “kuna uwezekano wa asilimia 95 kwamba jibu liko humu”?

Sentensi hiyo inavutia kwa sababu ni fupi na inaeleweka, lakini sivyo masafa haya yalivyoundwa. Jerzy Neyman, aliyeyawekea nadharia katika miaka ya 1930, alikuwa akizungumzia utaratibu: utafiti ukirudiwa mara nyingi kwa njia ileile, na kila mara masafa yakahesabiwa upya, takriban masafa 95 kati ya kila 100 yatakuwa yamekibeba kiwango halisi. Hiyo asilimia 95 ni sifa ya njia ya kuhesabu. Masafa haya mahususi ya 0.55 hadi 0.96 ama yamekibeba kiwango halisi au hayakukibeba.

Katika makala ya kawaida huhitaji kueleza yote hayo. Kinachofanya kazi vizuri ni kuyasoma masafa kutoka ncha moja hadi nyingine kwa lugha ya jambo lenyewe: “Matokeo haya yanaafikiana na hatari iliyo chini kwa asilimia 45, na vilevile na hatari iliyo chini kwa asilimia 4 tu.” Hapo msomaji anaona mwenyewe kwamba faida ya dawa inaweza kuwa kubwa sana au kiduchu. Namba 45 imetoka kwa 1 kutoa 0.55, na 4 kwa 1 kutoa 0.96.

Epuka “jibu sahihi liko kati ya” na “imethibitika kuwa kati ya”. Epuka pia kuandika kana kwamba kila namba ndani ya masafa ina uzito sawa. Viwango vilivyo karibu na 0.73 vinaafikiana na data kuliko vile vya pembezoni.

Kwa nini mara nyingine tunaangalia kama masafa yamevuka 1, na mara nyingine 0?

Uwiano ni mgawanyo, na vitu viwili vilivyo sawa vikigawanywa hutoa 1. Tofauti ni utoaji, na vitu viwili vilivyo sawa vikitolewa hutoa 0. Kwa hiyo `RR`, pamoja na `OR` na `HR`, uwiano wa aina nyingine mbili tutakaoueleza baadaye, hulinganishwa na 1, ilhali tofauti za wastani au za asilimia hulinganishwa na 0.

Mtafsiri huteleza pale makala inapotoa vyote viwili. Katika mfano wetu, tofauti ya hatari ni pointi 3.0 za asilimia, na masafa yake ya asilimia 95 ni 0.4 hadi 5.6. Hayo yote yako juu ya 0. Masafa ya uwiano, 0.55 hadi 0.96, yote yako chini ya 1. Yanaeleza jambo moja kwa vipimo viwili. Mtu anayeyasoma yote kwa kipimo cha 1 ataona masafa ya tofauti “yanavuka 1” na ataandika kwamba matokeo mawili yanapingana.

Niandike “asilimia 27” au “pointi 3 za asilimia”?

Andika kile ambacho mwandishi wa awali ameandika, na kama ametoa vyote, toa vyote. Zote ni sahihi: 8 ni pungufu ya 11 kwa pointi 3 za asilimia, na 3 hizo ni takriban asilimia 27 ya 11. Hatari iko kwenye kuandika “asilimia 3” bila neno “pointi”, kwa sababu msomaji ana haki ya kuelewa kuwa ni asilimia 3 ya 11, yaani karibu hakuna kitu.

Chunga viunganishi vidogo. “Chini *kwa* asilimia 27” na “kushuka *hadi* asilimia 73” ni kitu kimoja, lakini ukibadilishana “kwa” na “hadi”, umeandika matokeo mapya kabisa. Vivyo hivyo “mara”. Uwiano wa 1.5 ni “mara moja na nusu ya hatari ya kundi jingine”, au “hatari iliyo juu kwa asilimia 50”. Ukiandika “mara 1.5 zaidi”, wapo watakaosoma mara moja na nusu na wapo watakaoongeza juu ya ile ya kwanza wakapata mbili na nusu. Katika matini ya takwimu tunaliepuka kabisa pambo la “mara … zaidi”.

## Thamani ya p na “umuhimu”

“Umuhimu wa kitakwimu” ni tafsiri nzuri?

Imeshaenea, kwa hiyo hatuipigi marufuku, lakini ina sharti: neno “kitakwimu” lisiachwe hata mara moja. “Tofauti muhimu” pekee yake, kwa msomaji wa Kiswahili, ni tofauti kubwa au yenye maana katika maisha. Thamani ya p haisemi hivyo. Utafiti wa watu laki kadhaa unaweza kutoa p ndogo sana kwa tofauti ambayo hakuna mgonjwa angeihisi.

Pale mwandishi wa awali anapozungumzia umuhimu wa kitabibu au wa kimatumizi, tumia neno jingine kabisa, kwa mfano “tofauti yenye uzito kwa mgonjwa”. Ukitumia “muhimu” kwa dhana zote mbili, itafika aya ambayo mwandishi anasema tofauti ina umuhimu wa kitakwimu ila haina umuhimu wa kitabibu, na sentensi yako itaonekana inajikana.

Mpaka wa 0.05 ni mazoea yaliyoenezwa na R. A. Fisher tangu mwaka 1925. Kwa hiyo badala ya “matokeo yalikuwa muhimu”, ni salama kuandika “thamani ya p ilikuwa chini ya mpaka wa 0.05 uliowekwa na watafiti”, ikifuatiwa na namba yenyewe.

Mstari wa pili una p = 0.56. Naandika “dawa haikuwa na athari kwa vifo”?

Hapana, na hili ndilo kosa linaloharibu tafsiri nyingi kuliko mengine. Douglas Altman na Martin Bland walilieleza katika jarida la BMJ mwaka 1995: kukosa ushahidi wa tofauti si sawa na kuwa na ushahidi kwamba tofauti haipo.

Tazama masafa. Yanatoka 0.38 hadi 1.70. Yaani data zinaafikiana na dawa inayopunguza hatari ya kufariki kwa asilimia 62, na pia na dawa inayoiongeza kwa asilimia 70. Waliofariki ni 27 tu kwa jumla, ndiyo maana masafa yametanuka hivyo. Utafiti huu haujui jibu la swali la vifo. Ukiandika “haina athari”, umelijibu kwa niaba yake.

Andika: “Watu 12 kati ya 1000 walifariki katika kundi la dawa na 15 kati ya 1000 katika kundi la kulinganishia (uwiano wa hatari 0.80, masafa ya uhakika ya asilimia 95: 0.38 hadi 1.70; p = 0.56). Idadi ya vifo ilikuwa ndogo mno kuweza kubainisha kama dawa ilipunguza au iliongeza vifo.” Sentensi ya pili iongeze tu kama mwandishi wa awali amesema jambo la namna hiyo. Kama hakusema, ishia kwenye mabano, au tumia “utafiti haukuonyesha tofauti ya wazi”.

Kuna hali ambayo “hakuna tofauti kubwa” inaruhusiwa: masafa yanapokuwa membamba na yamekumbatia 1, tuseme 0.97 hadi 1.03. Hapo ncha zote mbili zinasema athari, kama ipo, ni ndogo. Kwa hiyo jibu la swali hili hutolewa na upana wa masafa, wala si na p.

Na p ikiwa 0.06? Mwandishi anasema “inakaribia”.

Tafsiri alichosema, lakini usimwongezee. Maneno kama “ilikuwa mbioni kufikia umuhimu” au “ilikaribia kufaulu” yanaichukulia p kama mkimbiaji anayeelekea utepeni, ilhali data zimeshakusanywa na p haiendi popote. Kama una uhuru wa kuhariri, toa kadirio, masafa na p = 0.06, kisha umwachie msomaji. Kama huna uhuru huo, “thamani ya p ilikuwa juu kidogo ya 0.05” inatosha.

Jedwali lina p = .000. Nifanyeje?

Hiyo hutoka kwenye programu kama SPSS, ambayo huonyesha desimali tatu katika safu ya `Sig.`. Thamani si sifuri. Ni ndogo kuliko 0.0005, na programu imeikadiria hadi desimali tatu. Iandike `p < 0.001`. Haya ni mojawapo ya mabadiliko machache ambayo mtafsiri anaweza kuyafanya bila wasiwasi, mradi ayataje kwa mhariri.

## Vitenzi na tahadhari ya maneno

Niseme “dawa hupunguza”, “ilipunguza”, au “inapunguza”?

Hapa Kiswahili kinadai uamuzi ambao lugha ya awali huenda haikuudai. Kiambishi *hu-* kinatangaza mazoea: “dawa hupunguza kulazwa” ni kauli ya siku zote na kwa watu wote, kama vile “maji hushuka bondeni”. Utafiti mmoja hauna mamlaka hayo. Kwa matokeo tumia *-li-*, kwa kuwa yalitokea kwa watu hawa na kwa muda huu: “waliopewa dawa walilazwa kwa uchache zaidi”. *-na-* ibaki kwa kazi ya makala yenyewe: “matokeo yanaashiria”, “jedwali linaonyesha”.

Pia chagua nani awe mtenda. “Dawa ilipunguza” inaitaja dawa kama chanzo. Katika utafiti uliogawanya watu kwa bahati nasibu, kama wa mfano wetu, kauli hiyo inaweza kutetewa. Katika utafiti wa kuchunguza tu, ambapo watu walijichagulia wenyewe nani ameze na nani asimeze, haiwezi. Hapo mtenda awe ni watu: “waliokuwa wakimeza dawa walilazwa kwa uchache kuliko wasiomeza”.

Makala inasema “uhusiano”. Je, “ilisababisha” ni mbali sana?

Ni mbali. Ruhusu “-husiana na”, “-andamana na”, “-lionekana zaidi kwa”. Zuia “-sababisha”, “-leta”, “-changia”, “kutokana na”, na hata “matokeo ya”. Wengi wanajua kukwepa “kusababisha”, lakini “kuchangia” na “kutokana na” hupenya kwa sababu vinaonekana vya upole. Vyote viwili bado vinataja chanzo.

Kauli ya kutendesha nayo huingiza usababishi kimyakimya. “Uvutaji uliongeza shinikizo la damu” tayari umetamka chanzo. “Shinikizo la damu lilikuwa juu zaidi kwa wavutaji” haujatamka. Ukimaliza rasimu ya utafiti wa kuchunguza, pitia kila kitenzi kinachoishia *-sha*, *-za* au *-esha* katika sehemu ya matokeo, ukijiuliza nani amepewa lawama.

Nitofautishe vipi “huenda”, “yamkini”, “pengine” na “inawezekana”?

Katika mazungumzo hubadilishana nafasi. Katika makala yanayotumia GRADE, mfumo wa kupanga uhakika wa ushahidi kwa viwango, hayawezi, kwa sababu kila kiwango cha ushahidi kina kauli yake. Ushahidi wa uhakika wa juu hupewa kauli isiyo na kinga. Wa kati hupewa kauli ya “kuna uwezekano mkubwa kwamba”. Wa chini hupewa “huenda”. Na wa chini sana husemwa wazi kuwa hautoshi kutuambia athari. Panga maneno yako manne kabla hujaanza kutafsiri, yaandike kwenye karatasi, na usiyabadilishe kwa ajili ya ladha. Kubadilisha “huenda” kuwa “yamkini” ili kuepuka marudio ni kumhamisha msomaji daraja bila kumwambia.

Mwangwi wa tahadhari nao ni kosa. “Huenda pengine inaweza kuashiria” imeweka kinga tatu pale mwandishi alipoweka moja. Hesabu kinga katika sentensi ya awali, na uweke idadi hiyohiyo.

## Hali za pembeni

Makala imetoa `OR`. Naweza kuiita “hatari”?

Usifanye hivyo. Odi ni idadi ya waliopatwa na jambo ikigawanywa kwa ambao halikuwapata, na si kwa watu wote. Katika mfano wetu odi ni 80/920 na 110/890, na uwiano wake ni 0.70, ilhali uwiano wa hatari ni 0.73. Hapa pengo ni dogo kwa kuwa kulazwa si jambo la kawaida. Jambo likiwapata nusu ya watu, pengo hutanuka sana, na “hatari ilikuwa pungufu kwa asilimia 30” inakuwa si kweli. Andika “uwiano wa odi ulikuwa 0.70”, ueleze odi mara moja, na usiigeuze asilimia ya hatari. `HR` nayo iitwe “uwiano wa kasi ya hatari”, kwa sababu inahusu kasi ya matukio kadiri muda unavyokwenda.

Nitumie mstari mfupi au “hadi” kati ya ncha mbili?

Tumia “hadi”. Masafa yanapokuwa na namba hasi, `-0.4–2.1` husomeka vibaya, na `-2.1–-0.4` haisomeki kabisa. “-0.4 hadi 2.1” haina utata. Ukitafsiri kutoka Kifaransa au Kireno, kumbuka mkato wao wa desimali: `0,73` ni 0.73. Badilisha katika matini, majedwali na michoro kwa pamoja, ama sivyo 1,250 ya jedwali itakuwa elfu moja mia mbili na hamsini kwa msomaji mmoja, na moja nukta mbili tano kwa mwingine.

Nashuku namba za makala ya awali zina kosa. Nitajuaje?

Vipimo viwili vya haraka vinatosha kwa uwiano wa kawaida. Cha kwanza: zidisha ncha mbili za masafa na uchukue kipeuo cha pili. Jibu likaribie kadirio. Kwa mfano wetu:

```
sqrt(0.55 * 0.96) = 0.727
```

Inakaribia 0.73, kwa hiyo ncha ziko mahali pake. Cha pili: linganisha masafa ya asilimia 95 na p. Masafa yakiwa hayajaigusa 1, p kwa kawaida iwe chini ya 0.05, yakiwa yameivuka, iwe juu yake. Ukiona masafa ya 0.55 hadi 1.20 yameandamana na p = 0.01, kuna namba imeandikwa vibaya. Tofauti ndogo isikushtue, kwani namba zilizokadiriwa hadi desimali mbili, au masafa na p vilivyotoka kwenye njia mbili za hesabu, vinaweza kupishana kidogo karibu na mpaka.

Ukilipata kosa, usilisahihishe kimyakimya. Mwandikie mwandishi au mhariri, ukitaja jedwali na mstari. Asipojibu, tafsiri namba ilivyo, kisha weka maelezo ya mtafsiri yanayosema namba hizo mbili haziafikiani.

Makala ya kibayesi nayo ina masafa ya asilimia 95. Ni yaleyale?

Sivyo, ingawa yanafanana kwa sura. Hapo mwandishi ameanza na makisio ya awali, akayachanganya na data, na kwa hiyo anaruhusiwa kusema “kuna uwezekano wa asilimia 95 kwamba kiwango kiko kati ya hivi viwili, kwa kuzingatia makisio ya awali na data hizi”. Sentensi tuliyoikataza juu, kwenye swali la kueleza masafa, hapa ni sahihi. Yape jina tofauti, kwa mfano “masafa ya uwezekano ya kibayesi”, na usiyatafutie thamani ya p, kwa kuwa haitakuwepo.

Nitahakikishaje kwamba tafsiri yangu imefikisha maana?

Mpe aya yako mtu anayesoma Kiswahili vizuri lakini hajasoma takwimu, bila kumwonyesha matini ya awali. Muulize mambo matatu: kati ya watu 1000 waliomeza dawa, wangapi walilazwa? Faida hiyo inaweza kuwa ndogo kiasi gani? Na utafiti umesema nini kuhusu vifo? Akijibu 80, “ndogo sana, karibu asilimia 4”, na “haujaweza kujua”, tafsiri imefika. Akijibu swali la tatu kwa kusema “dawa haisaidii vifo”, rudi kwenye sentensi ya p = 0.56 na uiandike upya.